Nimejumlisha kila nilichoandika, lakini fedha iliyoondoka ni nyingi zaidi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Nina watoto wawili, na mume wangu ni dereva wa lori ambaye hukaa safarini hata wiki mbili. Fedha ya matumizi ya nyumbani, ukiacha kodi na ada, ni shilingi 520,000 kwa mwezi, na mimi ndiye ninayeishika. Mdogo wangu aliniwekea programu ya kuandikia matumizi kwenye simu, lakini sikuipenda: inauliza maswali mengi kila ninapoifungua, watoto wanachezea simu hiyo hiyo, na macho yangu yanachoka. Nikaamua kutumia daftari. Mwezi uliopita nililichora safu saba, chakula, usafiri, mavazi na kadhalika, nikaandika kila jioni. Mwisho wa mwezi nilijumlisha nikapata 412,000, na fedha yote ilikuwa imekwisha. Nimerudia kujumlisha mara tatu. Isitoshe, ninauza barafu nyumbani na fedha yake huingia pochi hiyo hiyo. Fedha nyingine iko kwenye simu, na nikitoa kwa wakala sijui niandike kuwa ni matumizi au siyo. Naomba unieleze namna nyepesi ya kupata jumla ya kila siku kwa daftari na kalamu tu.

Mama Wawili, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Usijumlishe mara ya nne, kwa sababu kosa haliko kwenye kujumlisha. Pengo lako ni shilingi 108,000, na ukiligawa kwa siku 30 unapata 3,600 kwa siku. Kiasi hicho hakihitaji mwizi wala kikokotoo kibovu. Ni bodaboda moja siku ya mvua, vocha, na karanga alizolilia mtoto mlipokuwa mkisubiri daladala. Vitu vya namna hiyo ndivyo ambavyo mtu hukumbuka vibaya kuliko vyote, kwa kuwa hulipiwa huku akili ikiwa kwenye jambo lingine, na kufikia jioni ulipokaa na daftari lako havikuwa tena kichwani.

Daftari lako, kwa maneno mengine, lilikuwa likikuuliza swali moja tu: unakumbuka nini? Halikuwahi kuiuliza pochi. Mimi nilikaa miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta ya duka la ushirika nikiwa keshia, na jioni msimamizi hakuanza kwa kuniuliza nimeuza nini. Alianza kwa kuhesabu droo. Stakabadhi zilifuata baadaye, na kazi yake ilikuwa kueleza kile ambacho droo ilikuwa imeshasema. Ninakushauri uyapange matumizi ya nyumbani kwa mtindo huo huo, yaani jumla ya siku itoke kwenye fedha yenyewe, na orodha ya vitu ibaki kuwa maelezo.

Namna ya kuipata ni hii. Kila usiku, kabla hujalala, hesabu fedha yote iliyo mkononi, uongeze na salio la simu, upate namba moja. Chukua namba ya usiku wa jana, ongeza fedha yoyote iliyoingia leo, kisha toa namba ya usiku wa leo. Kinachobaki ndicho ulichotumia. Hutahitaji kuhesabu asubuhi, kwa sababu fedha ya usiku wa jana ndiyo uliyoamka nayo. Utaona pia kwamba jumla hii hupatikana hata siku ambayo hukuandika kitu hata kimoja, jambo ambalo safu saba haziwezi kukupa.

Njia hii inajibu pia lile swali la wakala bila kuhitaji kanuni ya pekee. Ukitoa 30,000 kwenye simu, salio la simu linapungua kwa 30,000 na pochi inaongezeka kwa 30,000, na kwa kuwa unavihesabu vyote viwili pamoja, uhamisho huo unajifuta wenyewe. Kisichojifuta ni makato, kwa sababu yametoka kwenye simu na hayakuingia pochini, nayo kweli ni matumizi. Kwa hiyo usiandike kabisa fedha uliyotoa. Andika makato yake tu kama yanavyoonekana kwenye ujumbe wa muamala. Huna haja ya kufungua programu yoyote kwa ajili hiyo, kwani ujumbe huo huo wa mwisho huonyesha salio lililobaki, na siku ambayo hukugusa fedha ya simu unanakili namba ya jana.

Sasa tuifanye siku moja pamoja. Bei nitakazozitaja ni za mfano, nawe utaweka zako. Tuseme Jumatano usiku ulihesabu ukakuta pochini 38,500 na kwenye simu 64,200, jumla 102,700. Alhamisi ulitoa 30,000 kwa wakala ukakatwa 1,800, na ukanunua umeme wa LUKU wa 5,000 kwa simu. Mengine uliyalipa taslimu. Ukurasa wako wa Alhamisi utakuwa hivi:

Alhamisi
Jana usiku: pochi 38,500 + simu 64,200 = 102,700
Iliyoingia: hakuna

Daladala 1,200
Chai na chapati 1,500
Nyama nusu kilo 6,000
Nyanya, vitunguu 2,000
Mchele kilo 2: 6,000
Sabuni 2,500
Makato 1,800
Umeme 5,000
Nilizoandika: 26,000

Leo usiku: pochi 46,300 + simu 27,400 = 73,700
JUMLA YA LEO: 29,000
Haijulikani: 3,000

Jumla ya leo, 29,000, imetoka kwa kutoa 73,700 kwenye 102,700, na haikuhitaji msaada wa ile orodha. Orodha inaeleza 26,000. Zile 3,000 zilizobaki ndizo ndugu wa zile 3,600 zilizokuwa zikikupotea kila siku mwezi uliopita, ila safari hii unaziona usiku ule ule, wakati siku bado iko karibu. Unakaa dakika moja, unakumbuka kwamba mvua ilinyesha ukapanda bodaboda kwa 1,500, unaiandika chini ya umeme, na mstari wa mwisho unabaki na 1,500. Hizo nyingine hukumbuki. Ziache zilivyo, andika "Haijulikani 1,500", funga daftari ulale. Jumla ya 29,000 haibadiliki hata kidogo kwa kukumbuka au kusahau.

Nasisitiza sana hapo kwenye kuziacha, kwa sababu nimewaona watu makini, na walimu mmo humo, wakiliacha daftari si kwa uvivu bali kwa kuona aibu ya shilingi 1,500 wasizoweza kuzieleza. Wengine hufanya vibaya zaidi: huongeza bei ya nyama kidogo ili hesabu ilingane. Ukifanya hivyo daftari litapendeza na halitakufaa kitu. Mstari wa "Haijulikani" ni halali kama mstari wa mchele, nao ndio utakaokufundisha mambo mengi katika wiki mbili za mwanzo. Ukiona mstari huo unarudi na kiasi kinachokaribiana, tuseme kati ya 1,000 na 1,500 kila siku ya kazi lakini Jumamosi na Jumapili haupo, basi hiyo si bahati mbaya. Ni kitu unachokinunua njiani au shuleni kwa mazoea, na ukikaa macho siku moja tu utakijua. Ukiona mstari huo unaruka kutoka sifuri hadi 8,000, hapo tafuta malipo moja makubwa uliyoyasahau, wala usiwafikirie watoto vibaya. Tofauti ya usiku mmoja haimtoshi mtu kumtuhumu mwingine, hasa katika nyumba ambayo fedha inakaa sehemu nyingi.

Jambo hilo la sehemu nyingi linahitaji kutengenezwa kabla hujaanza, kwa kuwa njia yote inategemea kuhesabu kila kitu. Ndani ya jalada la daftari andika mahali fedha ya matumizi inapokaa: pochi, simu, na pengine kopo la jikoni. Mahali ambapo hapakuandikwa, fedha hairuhusiwi kulala. Chenji iliyoachwa kwenye mfuko wa sketi ya kazini au juu ya friji itaonekana usiku kama matumizi, na siku utakapoiokota itaonekana kama fedha iliyoshuka kutoka mbinguni. Kabla ya kuhesabu, kung'uta mkoba na mifuko yote, hata sarafu za 50 na 100, kisha panga noti kuanzia za 10,000 kushuka chini. Kazi hiyo yote huchukua dakika tatu.

Fedha ya barafu nayo usiiingize pochini tena. Itafutie kopo lenye mfuniko, na kopo hilo lisiwe kwenye orodha ya jalada, yaani usilihesabu usiku. Sharti la hesabu ni kwamba sukari na rangi za barafu zinunuliwe kutoka kopo hilo hilo. Mara moja kwa wiki, tuseme Jumapili, amua unahamisha kiasi gani kwenda matumizi ya nyumbani, na siku hiyo iandike kwenye mstari wa "Iliyoingia". Hadi sasa sarafu za barafu zimekuwa zikijaza mashimo ya pochi bila kukuambia, na ndiyo maana nadhani pengo la kweli linazidi 108,000.

Mstari wa "Iliyoingia" ndio unaosahaulika kuliko yote, kwa hiyo ujue dalili yake. Siku ambayo jumla inayotokana na pochi ni ndogo kuliko jumla ya vitu ulivyoandika, huwezi kuwa umetumia pungufu ya ulichonunua. Mara nyingi kuna fedha iliyoingia hukuiandika: mwalimu mwenzako amekurudishia 5,000 aliyokopa, au mume wako ametuma kitu kwenye simu. Kama hakuna kilichoingia, angalia kama umeandika kitu kimoja mara mbili, au umeandika bei uliyotajiwa badala ya ile uliyolipa baada ya kupunguziwa. Upo pia ujanja wa zamani wa makeshia, ambao unanifurahisha mpaka leo: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kama 900, 1,800 au 2,700, shuku kwamba umebadilishana tarakimu mbili zinazofuatana. Anayeandika 4,500 mahali pa 5,400 amekosea kwa 900. Anayeandika 3,600 mahali pa 6,300 amekosea kwa 2,700. Si ushahidi kamili, lakini hukuonyesha pa kuanza kutazama, na kwenye salio la simu lililonakiliwa kwa haraka hupata mara nyingi.

Kuhusu daftari lenyewe sina mengi. Lile kaunta buku kubwa la jalada gumu ni zuri dukani, lakini nyumbani litabaki kabatini, na matumizi hayatokei kabatini. Chukua daftari dogo la mistari linaloingia mkobani, ukurasa mmoja kwa siku moja, na kalamu ya wino iliyofungwa kwa uzi, kwa sababu penseli hufutika kwa kusuguana ndani ya mkoba na pia humshawishi mwenyewe kurekebisha ya jana. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya namba na uandike sahihi pembeni. Daftari liwe moja tu. Wapo wanaobeba kijitabu mchana na kunakili kwenye kitabu kikubwa usiku. Mimi sijamwona aliyedumu na kunakili kupita mwezi wa pili. Andika kitu pale pale unapolipia, hata kwa neno moja, "nyanya 2", ambapo utajua kuwa ni 2,000. Kama mikono imejaa, acha. Pochi itasema usiku.

Zile safu saba ziondoe. Najua zilikufanya uone kazi ni ya maana, lakini kila unaponunua sabuni unalazimika kujiuliza kama ni usafi, ni chakula kwa kuwa ilitoka duka moja na mchele, au ni mengineyo, na swali hilo dogo likirudiwa mara nane kwa siku ndilo linalochosha. Programu ile ya simu ilikuchosha kwa swali hilo hilo, nawe ukalihamishia kwenye karatasi. Ukitaka siku moja kujua nyama imekula kiasi gani, utakaa na kurasa thelathini na kuipigia mstari kila inapotokea, na itakuchukua nusu saa.

Sasa nije kwenye matatu ambayo yatakusumbua ndani ya wiki ya kwanza.

La kwanza ni fedha inayotoka bila kutumika. Kama upo kwenye kikoba na kila Jumamosi unaweka hisa za 10,000, pochi itapungua, lakini hukununua kitu. Fedha ni yako, imehama tu. Ndivyo ilivyo pia kwa fedha uliyomkopesha jirani. Iandike chini ya jumla ya siku kwa maneno "humo: kikoba 10,000", upunguze, na ndipo upate matumizi halisi. Jirani akirudisha, inaandikwa "Iliyoingia". Kwa fedha anayokuomba mume wako anaporudi safarini, iandike kuwa ni matumizi yenye jina lake na uishie hapo. Daftari likianza kudai risiti kwa watu wazima, litachukiwa na nyumba nzima kabla ya mwezi kwisha.

La pili ni manunuzi makubwa. Siku utakayojaza mtungi wa gesi au kununua gunia la mkaa, jumla itaruka hadi 60,000 au 90,000 na kuifanya wiki nzima ionekane mbaya. Usiifiche wala usiigawe katika siku ambazo gesi itatumika, maana pochi haikugawa. Iandike siku hiyo hiyo, kisha izungushie duara. Mwisho wa wiki utazijumlisha zenye duara peke yake na siku za kawaida peke yake.

La tatu ndilo gumu zaidi, nalo ni deni la dukani. Ukimwambia Mangi "niandikie", unga na mafuta yanafika jikoni bila pochi kuguswa, na usiku hesabu yako italingana vizuri kabisa huku umetumia 7,000. Wapo wanaoshauri kuliandika deni siku ulipochukua bidhaa. Kwa daftari la namna hii sikubaliani nao, kwa sababu pochi haitalingana siku hiyo, na haitalingana tena siku ya kulipa. Kwenye ukurasa wa siku andika tu kilichotoka mkononi, na madeni yapeleke ukurasa wa mwisho kabisa wa daftari, ukianza nyuma kuja mbele: tarehe, kitu, kiasi, na mahali pa kuandika kilipolipwa. Siku ya kulipa ndiyo siku ambayo yanaingia kwenye matumizi. Faida nyingine ni kwamba Mangi naye ana daftari lake, na ukienda kulipa mnasoma yote mawili. Mara mbili au tatu yatatofautiana, na mara nyingi bila nia mbaya ya mtu. Mtoto alitumwa, mzazi hakujua.

Lakini mwisho wa mwezi lazima deni lihesabiwe, la sivyo utajidanganya. Chukua jumla ya mwezi, ongeza deni lililopo leo, toa deni lililokuwepo siku ya kwanza. Tuseme kurasa zako zimetoa 505,000, ulianza mwezi ukidaiwa 18,000 na umeumaliza ukidaiwa 41,000. Mwezi huo nyumba yako haikutumia 505,000 bali 528,000, na zile 23,000 za tofauti zinasubiri mshahara ujao mlangoni kwa Mangi. Mtu anayetazama pochi tu angeona amebakiza 15,000 katika zile 520,000 na kufurahi.

Jumapili jioni fanya hesabu ya wiki, nayo iwe mstari mmoja tu wa jumla saba. Tuchukue wiki yenye ile Alhamisi yetu, ambayo haina manunuzi ya duara: Jumatatu 14,500, Jumanne 11,200, Jumatano 9,800, Alhamisi 29,000, Ijumaa 22,000, Jumamosi 31,500, Jumapili 8,000. Jumla ni 126,000, na ukigawa kwa 7 unapata 18,000 kwa siku. Tazama namba hizo vizuri. Jumatatu hadi Jumatano hazina tatizo lolote, na Jumapili mlikula kilichonunuliwa Jumamosi. Uzito wote uko kwenye siku tatu zinazofuatana, kwa hiyo ukurasa unaostahili kusomwa upya ni wa siku hizo tatu, si wa wiki nzima. Huenda utakuta sababu njema, kwamba Jumamosi ni siku yako ya sokoni na manunuzi yale yanakulisha hadi Jumatano. Kama ni hivyo, wastani wa 18,000 ndio wa kuamini, na jumla ya siku moja moja haifai kukutisha.

Wastani huo una kazi moja kubwa, nayo ni kukuambia kama utafika siku ya mshahara. Tuseme usiku wa kuamkia tarehe 13 umehesabu pochi na simu ukapata 180,000, na zimebaki siku 12 kabla ya mshahara. Ukigawa unapata 15,000 kwa siku, lakini nyumba yako inakwenda kwa 18,000. Kwa siku 12 utahitaji 216,000, hivyo utapungukiwa na 36,000, na hapo hujaweka gesi. Jambo hili unalijua ukiwa na siku 12 mkononi, wakati bado unaweza kuhamisha siku mbili za nyama kwenda maharage na dagaa, au kumwomba mume wako mapema kabla hajatoka Dar es Salaam, badala ya kulijua tarehe 22 mbele ya wakala ukiwa na salio la 3,000.

Zipo siku utakazoshindwa. Utaugua, utakwenda msibani, utalala bila kuhesabu. Usijaribu kurudisha siku hizo kwa kukumbuka, maana hapo ndipo uongo mdogo mdogo unapoanzia. Ukirudi, hesabu fedha iliyopo, itoe kwenye namba ya mwisho uliyoandika ukishaiongezea fedha iliyoingia siku hizo, uandike kwenye ukurasa mmoja "siku 3 pamoja: 46,000", na uendelee mbele. Hukupoteza jumla, umepoteza maelezo tu. Ila ukipoteza daftari lenyewe, hakuna namna ya kulirudisha, na hilo ni pungufu la karatasi ambalo simu haina. Kwa hiyo kila Jumapili, ukishaandika ule mstari wa wiki, unakili nyuma ya kalenda ya ukutani. Ni namba saba, na hata mgeni akiziona hatajua ni za nini. Namba za siri za simu na benki zisiingie kamwe ndani ya daftari hilo, hata kwa mafumbo.

Usisubiri tarehe mosi. Njia hii haihitaji mwanzo wa mwezi, kwa sababu inaanzia kwenye fedha iliyopo, iwe nyingi au kidogo. Usiku wa leo kung'uta mkoba, toa fedha ya barafu uiweke kwenye kopo lake, hesabu, soma salio la simu, muulize Mangi unadaiwa kiasi gani uliandike ukurasa wa mwisho. Kwenye ukurasa wa kwanza patakuwa na tarehe na namba moja tu, na jumla yako ya kwanza utaipata kesho usiku.